Jamaa anaomba dola 600: nimpe ngapi ambazo hata zisiporudi sitamchukia?

Mwana Kamalondo:
Jambo kwenu wote. Nina swali la pesa na urafiki, naomba wenye uzoefu wanijibu bila kunihubiria.

Rafiki yangu tangu sekondari anauza sabuni, mafuta ya kupikia na biskuti katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Bidhaa anazitoa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Juma hili ameniomba nimkopeshe dola 600, ananiambia atazirudisha baada ya miezi mitatu. Si mlevi wala si mwongo, ila biashara yake imelegea na mimi mwenyewe naona meza yake inavyopungua.

Jambo moja nimeshaliamua: chochote nitakachotoa nitakihesabu kwamba kimekwenda. Kikirudi, Mungu asifiwe. Kisiporudi simdai, simsemi kwa watu, na tukikutana tunasalimiana kama zamani. Lakini uamuzi huo haujaniambia nitoe kiasi gani. Kwenye akiba 600 zipo. Nikizitoa zote najua moyo utagoma, nikitoa 20 itakuwa kama namfukuza. Mnafikaje kwenye namba?

Fundi Kisanga:
Kaka, usijisumbue. Kanuni yangu ni nusu. Akiomba 600 mpe 300 umwambie ndizo ulizo nazo. Kila anayeomba huwa ameongeza, kwa hiyo nusu ndiyo haja yake ya kweli, na wewe hasara yako imepungua. Miaka yote nafanya hivyo na bado nina marafiki.

Mtoto wa Ruashi:
Hapa hapa naomba msaada. Mimi nilimwekea rafiki avali kwenye koperative moja, yaani nilisaini kwamba asipolipa nitalipa mimi, alichukua dola 800, sasa yeye yuko Kolwezi na simu hapokei. Koperative wananiita mimi. Je, na mimi niihesabu kama zawadi?

Mama Kampemba:
Mtoto wa Ruashi, lako ni jambo jingine kabisa, nitalirudia mwishoni nisipolisahau. Wewe hukutoa pesa, ulitoa jina.

Fundi, nusu ya nini? Jamaa akiomba 2,000 utampa 1,000? Akiomba 50 kwa ajili ya mtoto aliyelazwa utampa 25? Namba yako inatoka kwenye mdomo wa anayeomba, na mwenye kujua mfuko wako si yeye. Upo ukweli kwamba watu huongeza, lakini wengine hupunguza kwa aibu, na hao ndio wanaorudi baada ya juma mbili.

Mwana Kamalondo, mimi naweka sanduku la likelemba, mchango wa zamu wa akina mama sokoni, kila juma naletewa maombi ya namna hii, na yangu binafsi pia napata. Ukitaka hesabu, tupe hesabu. Mshahara wako wa mkononi ni kiasi gani, unatoka vipi, na hiyo akiba ina kazi gani? Usiseme "600 zipo". Zipo za nani?

Mwana Kamalondo:
Asante mama. Nafanya kazi kwenye sutretansi, kampuni inayochukua kazi za mgodi, mkononi napata dola 520. Nyumba 120, chakula 180, usafiri 40, likelemba 50, mama yangu yuko Likasi namtumia 30, na kila mwezi natenga 60 za minervali kwa kuwa watoto wawili wako sekondari. Zinabaki kama 40.

Akiba yote ni 700. Kontra yangu huwa inaandikwa upya kila miezi sita, na inayofuata ni baada ya masomo kufunguliwa.

Mama Kampemba:
Sasa tunaona. Kwenye hizo 700, tutoe kwanza zilizo na mwenyewe.

Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa. Watoto wawili wa sekondari, sehemu ya kwanza ya minervali, vitabu na sare: unatarajia ngapi?

Mwana Kamalondo:
Kama 260.

Mama Kampemba:
Basi hizo si zako, ni za shule, zimelala kwako tu. Zinabaki 440.

Halafu kontra. Mtu wa kontra ya miezi sita hawezi kukaa bila mwezi mmoja wa kuishi pembeni, maana hata wakikuandika tena, kati ya kontra na kontra mshahara hucheleweshwa. Nyumba 120, chakula 180, usafiri 40, jumla 340. Hizo nazo zina mwenyewe. Zimebaki 100. Ongeza hizo 40 za mwezi huu ambazo tayari ziko mkononi. Za mwezi ujao usizihesabu, hazijafika.

Kwa hiyo mfuko wako unasema 140. Hapo ndipo dari lilipo, hata kama jamaa angeomba 5,000. Ukitoa 141 umeanza kumkopesha pesa ya mwalimu wa mtoto wako, na siku ya shule utaanza kumkumbuka jamaa kwa hasira ingawa uliapa kwamba hutamdai. Watu wengi wanadhani kusema "naihesabu kama zawadi" ni ukarimu wa moyo. Moyo unaweza kusamehe, lakini mkurugenzi wa shule hajui kwamba umesamehe.

Hiyo ni namba ya kwanza. Ya pili ni ya moyo wenyewe, na hiyo siwezi kukufanyia mimi. Fikiri hivi: ni mwezi wa kumi na mbili, hajarudisha hata moja, wala hajasema neno. Jumamosi jioni unapita njia ya Kamalondo unamkuta amekaa mbele ya bia mbili za Simba na amevaa viatu vipya. Anakuita kwa furaha ukae naye. Kwa kiasi gani ungekaa na kucheka, na kwa kiasi gani ungejifanya hukumwona? Anza na 20 upande juu polepole. Pale unapoanza kutazama viatu, rudi chini hatua moja.

Kati ya namba mbili chukua iliyo ndogo.

Mwana Kamalondo:
Nimejaribu. Kwa 100 ningekaa. Kwa 150 ningekaa lakini ningevitazama viatu. Kwa 300 ningepita njia nyingine.

Fundi Kisanga:
Hahaha mama umenimaliza na hivyo viatu. Lakini mimi bado nasema nusu inanisaidia kwa sababu sina muda wa kukaa na karatasi kila mtu anapoomba.

Mama Kampemba:
Hukai kila mara, baba. Unakaa mara moja mwanzoni mwa mwaka, unaamua kwa marafiki na ndugu mwaka huu ni kiasi fulani. Anayeomba anakuta namba iko tayari. Ikiisha imeisha, na unaweza kusema "mwaka huu nimemaliza" bila kudanganya.

Papa Likasi:
Wanangu, nawasoma. Nataka niwaambie nilichoona mimi. Mwaka 2003 ilipokuja ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines waliondoka na pesa yao ya mwisho mkononi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Fikirini miji mitatu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu wanapokea pesa wakati mmoja na kila mtaa unajua. Walikuja marafiki wa kweli na wa kubuni, na kila mmoja alikuwa na mpango mzuri: gari la teksi, mashine ya kusaga, shamba. Nani angemkatalia mwenzake wa kisima kimoja cha mgodi?

Waliobaki na kitu ni waliokuwa wameshakigawa kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi. Mwenzangu mmoja aliweka bahasha sita, moja aliiandika "wenzangu". Iliyokuwemo hapo ilikwisha kabla ya juma mbili, na baada ya hapo alikuwa anawaonyesha watu bahasha tupu. Walimwita bahili. Lakini nyumba yake hadi leo imesimama, na wale waliomwita bahili walikuwa wanakula bukari kwake.

Ila na mimi nina neno. Mama Kampemba anasema dari ni dari. Kwa biashara nakubali. Kwa ugonjwa na kwa msiba sikubali. Mtoto wa rafiki akiwa hospitali hawamwachilii kwa sababu ya bili, huwezi kumwambia "namba yangu ya mwaka imekwisha".

Mama Kampemba:
Papa, heshima yako. Kwa msiba na hospitali hatukopeshi kabisa, tunachanga, na tunachanga wengi. Hapo hakuna wa kudai. Mimi nasema juu ya mkopo.

Papa Likasi:
Na asiye na watu wa kuchanga?

Mdogo wa Kigoma:
Salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Nimefuatilia, hesabu ni safi kabisa. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mnamficha? Kama moyoni umeshaisamehe, mwambie wazi, "Ndugu yangu, hii 100 ni zawadi, usinirudishie." Ukimwambia ni mkopo halafu moyoni ni zawadi, yeye anabeba deni ambalo wewe huna habari nalo. Atakukwepa njiani kwa aibu na utampoteza bure, kwa pesa ambayo hukuihitaji. Nimeona urafiki unakufa hivyo: mdai ameshasahau, mdaiwa ndiye anayekimbia.

Bel-Air:
Mdogo wa Kigoma, huku ukimwambia mfanyabiashara "hii ni zawadi" mbele ya watu umemfanya mwombaji. Mwanaume ana meza sokoni, ana mke na watoto. Alikuja kukopa, hakuja kuomba sadaka. Na siku ya pili watakuja sita, maana habari ya zawadi inatembea kuliko habari ya mkopo.

Mimi naona karatasi. Aandike "nimepokea dola kadhaa kwa fulani, nitarudisha tarehe fulani", asaini, shahidi asaini. Akikataa kulipa unampeleka polisi kwa OPJ, juma moja pesa imetoka. Hayo mambo ya viatu ni ya watu laini.

Mama Kampemba:
Bel-Air, karatasi sina ugomvi nayo, kwa pesa kubwa ni lazima. Lakini tusimpotoshe kijana. Kutolipa deni si kosa la jinai. Kongo iliingia 1976 katika ule mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. OPJ anayemlaza mtu cachot kwa deni tupu anafanya asichoruhusiwa. Deni linadaiwa mahakamani kwa njia ya madai.

Na uangalie hesabu yake: kwa dola 100 utampa OPJ ya kuandika convocation, utampa ya usafiri, na kikirudi kitu atakata sehemu yake. Utabaki na ngapi, na rafiki hayupo?

Bel-Air:
Mama, mimi imenifanyia kazi.

Mama Kampemba:
Sikatai. Nasema tu ilifanya kazi kwa sababu aliogopa.

Juu ya mkopo au zawadi: Mdogo wa Kigoma ana haki nusu, na Bel-Air nusu. Mimi huwa nasema hivi: "Hii 100 ninayo na ninakupa. Ukiweza utanirudishia, usipoweza usinikimbie, njoo tu uniambie." Sitaji tarehe. Nikitaja tarehe, tarehe hiyo itapita na mimi nitaiona imepita hata nisipotaka. Neno la maana ni "usinikimbie". Kwenye daftari langu naiandika siku hiyohiyo kwenye ukurasa wa matumizi, pamoja na mkaa na unga, siiandiki kwenye ukurasa wa madeni. Ukiiandika kwenye madeni utaijumlisha kila mwisho wa mwezi, utaipangia kazi, na siku moja utagundua umenunua kitanda kwa pesa iliyo kwa rafiki.

Dereva wa Kasumba:
Wakubwa, mimi nafanya hiyo njia ya Kasumbalesa karibu kila siku, kilomita 90 na kitu. Mnabishana juu ya kiasi, hakuna aliyeuliza 600 ni za kazi gani. Mwana Kamalondo, ulimwuliza?

Nauliza kwa sababu miezi mitatu anayoahidi si yake peke yake. Mwezi wa nane 2024 Zambia walifunga mpaka kwa ajili ya lile katazo letu la kuingiza bia na vinywaji baridi. Zilikuwa siku chache tu, lakini malori yalirundikana na waliokuwa na pesa ya watu ndani ya bidhaa walihangaika. Rafiki yako anaweza kuwa mwaminifu kama malaika na bado asikurudishie kwa wakati. Ndiyo maana hiyo ya kuihesabu kama imekwenda naiunga mkono. Ila uliza pesa inakwenda wapi.

Mwana Kamalondo:
Nilimwuliza jana, Dereva. Kwanza alisema "ni kapitali". Tulipokaa vizuri alifunguka. 400 ni za bidhaa, 80 za gari na za mpakani, na 120 ni deni la bangi lamberi, wale wakopeshaji wa riba wa mtaani. Kila mwezi anamlipa mwenye pesa asilimia 30 ya hizo 120, na zenyewe bado zimesimama palepale. Ameweka karatasi za kiwanja chake.

Mama Kampemba:
Kumbe! Sasa ndiyo tumefika.

Asilimia 30 ya 120 ni dola 36 kila mwezi. Kijana, mwulize meza yake inamwachia faida ya kiasi gani baada ya chakula cha nyumbani.

Mwana Kamalondo:
Alisema siku hizi kama 50 au 60 kwa mwezi.

Mama Kampemba:
Basi zaidi ya nusu ya jasho lake inakwenda kwa lamberi. Ndiyo sababu meza inapungua mbele ya macho yako. Ukimpa 600, au hata 300 za Fundi, akazitia kwenye bidhaa na lamberi bado yupo, zitaliwa polepole na baada ya miezi mitatu atakuwa palepale. Na mkopo wako ndio utakuwa wa mwisho kulipwa, kwa sababu lamberi ana karatasi za kiwanja na wewe una urafiki tu.

Hii 100 yako ina mahali pamoja ambapo inafanya kazi kubwa. Yeye aongeze 20, alipe 120 zote pamoja na riba ya mwezi kama siku imefika, achukue karatasi zake. Asilipe nusu. Wengine wa lamberi wanakataa kupokea nusu ya mtaji, au wanaipokea halafu wanasema ilikuwa riba. Walipane kwa mara moja, karatasi za kiwanja zirudi palepale mezani, na ile aliyosaini siku ya kukopa ichanwe mbele yake.

Baada ya hapo, zile 36 alizokuwa anatoa kila mwezi zinabaki kwake. Miezi mitatu ni 108. Atakuwa amepata kapitali kidogo bila deni jipya, na ukiona anakurudishia 30 hapa na 20 pale, itakuwa imetoka hapo.

Bel-Air:
Hapo mama nakubali. Lakini basi aende naye kwa lamberi, asimpe pesa mkononi. Pesa mkononi inageuka sabuni.

Mdogo wa Kigoma:
Mimi hapo sikubali. Mmesema ni pesa iliyokwenda. Kama imekwenda, basi imekwenda, ni yake. Ukimsindikiza hadi kwa mwenye riba kama mtoto, bado umeishika kwa mkono mwingine. Mpe, mwambie unavyoona juu ya hizo 36, mwache aamue. Akinunua sabuni ni pesa yake.

Papa Likasi:
Kijana wa Kigoma amesema neno la mtu mzima. Msaada unaofuatwa nyuma na macho unachosha.

Mama Kampemba:
Papa, mimi ningekwenda naye. Siendi kumlinda. Naenda kwa sababu lamberi akiona watu wawili hawezi kubadilisha hesabu mlangoni. Nimeona mtu amefika na 120 akaambiwa sasa ni 156. Lakini nisingeenda bila yeye kuniomba. Hapo kila mtu na rafiki yake.

Dereva wa Kasumba:
Nyongeza ya vitendo. Toa kwa dola na mseme kwa dola, hata kama kurudisha ni hiari yake. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa karibu franka 2,000, mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa karibu 2,700. Aliyekopesha franka 200,000 mwezi wa kwanza alitoa dola 100, na aliyerudishiwa 200,000 zilezile mwezi wa kumi na mbili alipata kama dola 74. Mdaiwa anaapa amelipa yote, mdai anaona ameibiwa, na wote wawili wana haki. Huo ugomvi hauna faida.

Tena angalia noti. Ikiwa na mkatiko hata wa kucha, lamberi ataikataa siku ya kulipa, na kambisti ataipunguzia bei.

Fundi Kisanga:
Swali langu mimi: akirudi mwezi ujao kuomba tena? Maana ukishatoa unakuwa mlango.

Mama Kampemba:
Kama ya kwanza haijarudi, ya pili inatoka kwenye bahasha ileile ya mwaka. Ikiwa tupu, ni tupu, na haumlaumu kwa ya kwanza. Ukisema "bado hujanilipa ile", hapohapo ile zawadi imegeuka deni na wewe ndiye umeigeuza. Sema tu "kwa sasa sina". Kwa kweli huna.

Papa Likasi:
Na akirudisha sehemu tu? Huwa ni vigumu zaidi kuliko asiporudisha kabisa. Amekuletea 40 kati ya 100, unaanza kuingojea 60 ambayo ulikuwa umeshaisahau.

Mama Kampemba:
Hilo Papa sina jawabu zuri. Mimi naipokea, nashukuru, naandika kwenye mapato kama mtu aliyeniletea zawadi. Lakini siwezi kudanganya kwamba siingojei ile nyingine.

Mwana Kamalondo:
Wakubwa, nilikuwa na mtu mmoja ambaye bado sijamwuliza, mke wangu. Nimemwuliza leo. Nilimwonyesha hesabu yote, za shule, za mwezi mmoja, zile 140. Alikubali 100 na akasema 40 zikae nyumbani kwa sababu mama yangu wa Likasi anaumwa macho, lazima apelekwe kwa daktari. Sikulijua hilo, walikuwa wameambiana wenyewe.

Nimeongea na jamaa. Nilimwambia maneno ya Mama Kampemba karibu yote, 100 na siyo 600, na usinikimbie. Alinyamaza kidogo. Nadhani alitegemea zaidi, maana aliuliza kama siwezi hata 200. Nikamwambia hapana, nikamwonyesha hesabu ya 36. Hiyo hakuwa ameipiga yeye mwenyewe kwa mwezi. Alikuwa anailipa kidogo kidogo kila juma, 9, 9, akiona ni ndogo.

Ameomba mwenyewe tuende wote kwa lamberi Jumamosi. Mdogo wa Kigoma, sikumlazimisha. Ile 20 anaitafuta kwa kuuza katoni mbili za biskuti kwa bei ya chini.

Mdogo wa Kigoma:
Kama kaomba mwenyewe, sina neno.

Bel-Air:
Siku ya Jumamosi piga picha ile karatasi ya zamani kabla haijachanwa.

Mtoto wa Ruashi:
Mama Kampemba, uliahidi. Koperative wananingojea Jumatatu.

Mama Kampemba:
Nisamehe mwanangu. Avali haina namba ya moyo, namba waliandika wao siku uliposaini, na ndiyo sababu mimi siweki avali kwa mtu, bora nimpe 50 zangu aende.

Jumatatu usiende na pesa. Nenda na kalamu. Waombe kwa maandishi deni lililobaki leo: mtaji kiasi gani, riba kiasi gani, adhabu za kuchelewa kiasi gani. Kisha uliza juu ya akiba iliyofungwa. Koperative nyingi hazitoi mkopo bila mkopaji kuacha sehemu ya pesa yake imefungwa kwao, na uwaombe hiyo ikatwe kwanza kabla hawajakugusa wewe. Wengine wa avali wanalipa yote kwa sababu hawakuuliza. Soma pia ulichosaini, kama uliahidi deni lote au sehemu.

Ukianza kulipa, risiti itoke kwa jina lako na iandike kwamba unalipa kwa ajili ya deni lake. Bila hiyo, siku atakapotoka Kolwezi hutakuwa na kitu cha kumwonyesha. Hiyo mwanangu dai kabisa, si zawadi. Hukuichagua.

Mtoto wa Ruashi:
Asante mama. Akiba iliyofungwa sikuwahi kuisikia. Kwenye karatasi yangu kuna namba 160 imeandikwa pembeni, sikujua ni ya nini.

Mama Kampemba:
Waulize hiyo kwanza.